Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mbona "mwanangu" inakubali ila "simungu", yani simu yangu, inagoma?

Hii mada inahusu nini hasa?

Inahusu namna lugha inavyosema kitu ni cha nani. Kuna vitu ulivipata na unaweza ukaachana navyo, jembe, simu, shamba la viazi, ukiuza leo kesho ni vya mwingine na maisha yanaendelea. Alafu kuna vile ambavyo ni vyako kwa sababu tu wewe ni wewe, mkono wako, mama yako, jina lako, hivyo hukuvinunua na hakuna siku utavipeleka sokoni Mwanjelwa kuviuza. Sasa lugha nyingi sana haziishii kulijua hilo kichwani, zinaliweka kabisa kwenye sarufi, yani kundi la kwanza lina umbo lake la kusema "yangu" na kundi la pili lina umbo lingine. Kundi la kwanza tuliite umiliki unaotenganika, la pili usiotenganika. Aliyeingiza majina ya namna hiyo kwenye taaluma ni Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl, mwaka 1914, alipoandika kuhusu lugha za visiwa vya Melanesia kule bahari ya Pasifiki.

Tuchukue Kifiji, maana ndo mfano unaoonekana haraka. Baba yangu ni *na tamaqu*, kichwa changu ni *na uluqu*, hiyo *-qu* ya mwisho ndo "yangu" na imegandishwa kwenye neno lenyewe. Lakini nyumba yangu ni *na noqu vale*, hapo *vale* ni nyumba na "yangu" imesimama peke yake pembeni, huwezi kuigandisha. Na hiyo *-qu* inatamkwa karibu kabisa na "-nggu", kwa hiyo *tamaqu* masikioni inafanana na "babangu" yetu. Imetokea tu, Kifiji na Kiswahili hawana undugu wowote, lakini mimi hii huwa inanifurahisha kila nikiiona.

Kwa hiyo Kiswahili nacho kina hii kitu? Shuleni hatukufundishwa.

Kinayo, ila imejificha sehemu mbili tofauti na ndo maana watu hawaioni. Ukisoma vitabu vya sarufi unaambiwa umiliki ni -angu, -ako, -ake, unaweka kiambishi cha ngeli na umemaliza. Ni kweli lakini sio yote.

Sehemu ya kwanza ni kwenye jina lenyewe, na inahusu ndugu na watu wa karibu. Tunasema mwanangu, mwanao, mwanawe. Mumeo, mkeo, mkewe. Babangu, mamako, dadake, nduguyo, mwenzangu, mwenzio. Sasa jaribu hivyo hivyo kwenye vitu uone: simungu, kikombecho, shambale la mahindi. Hakuna anayeongea hivyo, hata mtoto wa miaka minne hawezi kukosea namna hiyo.

Utasema labda inatokana na sauti za maneno au kwa kuwa ni watu. Hapana, na ushahidi wangu ninaoupenda ni huu. Neno "mke" linakubali mkeo, mkewe. Neno "mwanamke" halikubali, hakuna mwanamkeo wala mwanamkewe, inabidi useme mwanamke wako, mwanamke wake. Anaweza akawa mtu yule yule mmoja, na herufi za mwisho ni zile zile. Vivyo hivyo kwa mwana na mtoto: mwanangu ipo, totongu au mtotongu haipo. Tofauti ni kwamba mwanamke na mtoto ni watu unaoweza kuwataja bila kusema ni wa nani, mwanamke kapita barabarani, mtoto analia huko nje. Ila mke ni mke wa mtu. Mwana ni mwana wa mtu. Ndani ya neno lenyewe tayari kuna nafasi ya mtu wa pili, na hilo ndo sarufi inaliangalia, haiangalii kama unampenda au unakaa naye nyumba moja.

Na hii ya "rafiki yangu" lakini "mbwa wangu" ina uhusiano?

Ina uhusiano mkubwa, na wengi wetu tunaongea hivyo kila siku bila kujiuliza. Mbwa, kuku, rafiki, kaka, yote ni majina yasiyo na ile m- inayogeuka wa- kwenye wingi kama mtu na watu, na yote kwenye kitenzi yanachukua a-: mbwa amekuja, rafiki amekuja. Lakini ikifika kwenye kumiliki yanaachana, mbwa wangu, kuku wangu, fundi wangu, dereva wangu, alafu kaka yangu, shangazi yangu, rafiki yangu, jirani yangu, na hata adui yangu.

Angalia hao wa upande wa pili. Adui sio ndugu, jirani unaweza ukahama ukamwacha. Kinachowaunganisha ni kwamba hakuna mtu aliye adui tu hivi hivi, au jirani tu hivi hivi, lazima awe wa fulani. Fundi anaweza kuwa fundi hata akiwa peke yake porini. (Mjomba na mchumba wanasema "wangu" kwa sababu wana m- yao mbele na wanafuata ngeli yao ya kawaida, hao wasikuchanganye. "Bosi wangu" nayo haifuati, ingawa bosi lazima awe wa mtu, na hii ni neno la juzi juzi limeingia likapewa njia ya wengi.)

Viungo vya mwili je? Mbona hatusemi "mkonongu"?

Hapa ndo watu wengi wanahitimisha haraka kwamba basi Kiswahili kinachukulia mkono kama kikombe tu. Kwenye jina ni kweli, mkono wangu, kikombe changu, sawasawa. Nenda kwenye kitenzi sasa, ndo sehemu ya pili ilipojificha.

Mtu kakuumiza mkono, unasema "amenivunja mkono". Mtu kaangusha kikombe chako, unasema "amenivunjia kikombe". Rudia taratibu. Kwenye mkono kitenzi ni vunja, "ni-" ya mimi imeingia moja kwa moja na mkono unafuata. Kwenye kikombe huwezi kusema "amenivunja kikombe", mtu atakuangalia, ni lazima uongeze ile -ia, vunjia, ndo "ni-" ipate mlango wa kuingilia. Jaribu nyingine hizi:

Amenikanyaga mguu, lakini amenikanyagia miche. Amenikata kidole, lakini amenikatia mparachichi. Amenipasua kichwa, lakini amenipasulia kioo. Amenishika mkono, lakini amenishikia begi.

Na hata bila mtu wa kulaumiwa inakwenda hivyo hivyo. Nimevunjika mguu, ila nimevunjikiwa na kikombe. Nimevimba shavu. Gari likizima pale Kitonga unapiga simu nyumbani unasema "tumeharibikiwa gari", husemi "tumeharibika gari". Ile -iwa ni alama kwamba jambo limetokea kwenye kitu na wewe limekufikia kwa kupitia hicho kitu. Kwenye mguu hakuna haja ya alama, mguu ukivunjika umevunjika wewe.

Unaweza kusema pia "amevunja mkono wangu", sio kosa. Lakini sikiliza inavyokaa, inafanya mkono uonekane kama umewekwa mezani. Ukiwa hospitali unaeleza ajali huwezi kuanza hivyo.

Huu mtindo wa kumtoa mwenye kiungo kwenye "wangu" na kumpandisha kwenye kitenzi sio wa Kiswahili peke yake, lugha nyingi za Kibantu zinao. Kihaya cha kule Kagera kimeandikiwa vizuri sana juu ya hili, mwanaisimu Larry Hyman alichapisha uchambuzi wake wa viungo vya mwili katika Kihaya mwaka 1977.

Nikitaka kupima mwenyewe nitajuaje sijadanganyika?

Mtego mkubwa ni kuchagua kitenzi kibaya. Kuna vitenzi ambavyo tangu mwanzo vinabeba mtu na kitu: kupa, kunyima, kulipa, kuvua, kuvisha, kupaka. "Amenivua kofia" haithibitishi chochote kuhusu kofia, kwa sababu kuvua kunamkubali mtu hata kofia ikiwa ya kuazima. Tumia vitenzi kama vunja, kata, kanyaga, pasua, ambavyo kwa kawaida vinataka kitu kimoja tu.

Mtego wa pili ni kupiga. "Amenipiga kofi", hilo kofi sio langu, ni lake, ameliachia kwangu. "Amenipiga kichwa" ndo balaa zaidi, inaweza kuwa kanipiga mimi kichwani au yeye katumia kichwa chake kunigonga. Kupiga kuache kabisa kwenye majaribio.

Kwa hiyo ndugu na viungo ni kundi moja au sio?

Kwenye Kiswahili sio kundi moja, na mimi naona hili ndo la kulishika kuliko yote, kwa sababu maelezo mengi yanaandika "ndugu na viungo vya mwili" kwa pumzi moja kama vile vinakwenda pamoja siku zote.

Tumeona kwenye jina ndugu wana njia yao na viungo havina, mwanangu lakini mkono wangu. Sasa waweke ndugu kwenye kitenzi. Jirani kamchapa mtoto wako, utasema "amenichapa mwanangu"? Hapana, utasema "amenichapia mwanangu", na ile -ia imerudi kama kwenye kikombe. Mtoto kapotea sokoni, "nimepotelewa na mtoto", sawasawa na "nimepotelewa na simu". Na kubwa kuliko yote, mtu akiondokewa na mzazi. Hatusemi "nimekufa baba". Tunasema nimefiwa na baba. Ni ile ile -iwa ya gari lililoharibika. Uchungu wa kufiwa na wa gari haviwezi kulingana hata kidogo, lakini sarufi ya kitenzi haipimi uchungu, inauliza tu kama tukio limetokea ndani ya mwili wako au nje yake. Baba ni mwili mwingine.

Kwa hiyo kwenye jina ndugu ndo wa pekee, na kwenye kitenzi viungo ndo vya pekee.

Na lugha nyingine zinagawa kwa mipaka yao. Kifiji kinaweka ndugu na viungo pamoja, *tamaqu*, *uluqu*. Lakini Kiewe cha Ghana na Togo kinafanya kinyume na wengi wanavyotegemea: ukitaja ndugu, unaweka tu jina la mtu na neno la ndugu bega kwa bega, ila ukitaja kiungo cha mwili unaweka katikati kile kineno cha umiliki kama unavyoweka kwenye nyumba au kitabu. Yani mkono unapangwa na mali. Felix Ameka, ambaye Kiewe ni lugha yake, ameliandikia hili kwa kina. Kwa hiyo mtu akikwambia "lugha zote huweka mwili karibu zaidi" mpe Kiewe.

Kwa nini sasa? Nani alikaa akaamua?

Hakuna aliyekaa. Kuna maelezo mawili yanayoshindana kuhusu upande wa jina, na yote yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni la mwanaisimu John Haiman, mwaka 1983, anasema umbali kwenye maneno unafuata umbali kwenye fikra. Vitu vilivyo karibu na wewe, maneno yake yanakaa karibu, yanagandana. Nyumba iko mbali nawe kidogo basi na "yangu" inakaa mbali kidogo. Linavutia na kwa mfano wa Kifiji linakubali kirahisi.

La pili limetetewa sana na mwanaisimu mwingine, Martin Haspelmath, na ndo ninalolikubali mimi. Anasema suala sio ukaribu, suala ni mazoea ya kusikia. Hesabu kichwani mara ambazo unasema neno "mke" bila kusema wa nani. Ni chache mno. Lakini "kikombe" mara nyingi unakitaja peke yake, lete kikombe, vikombe vimeisha. Kwa kuwa ukisikia mke au mwana tayari sikio linasubiri mwenye naye, mwenye hana haja ya kutamkwa kwa kirefu, "mke wake" ikisemwa haraka haraka kila siku vizazi na vizazi inasagika inakuwa mkewe. Kikombe changu hakijawahi kusemwa mara za kutosha hadi kisagike. Neno linalotabirika linafupishwa, basi.

Kinachonivuta kwa la pili ni wale mke na mwanamke wa juu. Kwa hoja ya ukaribu, mtu akimwita mkewe "mwanamke wangu" ukaribu ni ule ule, ila umbo haligandi. Kwa hoja ya mazoea inaeleweka, maana "mwanamke" kwa kawaida linasimama lenyewe.

Ila upande wa kitenzi sababu ni nyingine kabisa. Amenivunja mkono haijafupishwa kutoka popote. Pale ni kwamba aliyeumia kweli ni mimi, maumivu hayaishii kwenye mkono, kwa hiyo mimi ndo ninayechukua nafasi ya mtendwa na mkono unabaki kueleza ni wapi. Ndo maana kuna mifano ya mpakani. Mgambo "alimshika kola" unasikia kabisa, wala hakuna anayesema alimshikia kola, kwa sababu kola iko shingoni na ukiishika umemshika mtu. Shati hilo hilo likiwa limeanikwa kwenye kamba, ng'ombe akalitafuna, "amenitafunia shati". Nguo ile ile, ila mara ya kwanza ilikuwa na mtu ndani.

Kitu kimoja kinaweza kuwa pande zote mbili?

Ndiyo, na hapo ndo unaona kwamba lugha inaangalia uhusiano na sio kitu chenyewe. Kinavaho, lugha ya wenyeji wa kusini magharibi mwa Marekani, wana mfano wa maziwa. *Shibe'* ni maziwa yangu, yale ya kwenye mwili wangu mimi mama. *She'abe'* ni maziwa yangu niliyonunua. Hapo katikati kwenye la pili kuna ile *'a-* yenye maana ya "ya mtu au mnyama fulani", kwa hiyo ukilichambua linasema kitu kama "yangu, maziwa ya fulani". Maziwa lazima yawe yametoka kwenye mwili wa mtu au mnyama, hicho hakifutiki, hata ukiyanunua. Unachofanya ni kuweka umiliki wako wa dukani juu ya ule wa mwili. Na neno mama kwa Kinavaho halisemwi tupu, ukitaka kusema mama tu bila mwenye unasema *'amá*, na hiyo *'a-* mbele ni "mama wa fulani".

Kiswahili hapo kinatuachia utata wote, "maziwa yangu" inaweza kuwa ya kifuani au ya kwenye jagi, unaambiwa na mazingira.

Kifiji nacho kwa upande wa vitu vinavyotenganika kinaendelea kugawa: *na kequ dalo* ni magimbi yangu ya kula mimi, *na noqu dalo* ni magimbi yangu labda niliyolima au ninayouza, na cha kunywa kina *mequ* yake.

Mbona kwenye mashairi ya zamani nakuta "jinale" na "moyowe"?

Ni kweli yapo, ushairi wa pwani uligandisha umiliki hata kwenye maneno ambayo sio ya ndugu, na iliwasaidia washairi kupata mizani. Kwa hiyo zamani mlango ulikuwa wazi zaidi. Kwenye mazungumzo ya leo umebaki kwa ndugu, mwenzi na masalia machache.

Na lugha zetu za huku Nyanda za Juu Kusini, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisafwa?

Muulize bibi yako, nakuomba usisubiri, ila uliza kwa utaratibu maana ni rahisi kuharibu.

Usiulize "baba mnaitaje". Uliza tatu pamoja: baba yangu, baba yako, baba yake. Alafu jembe langu, jembe lako, jembe lake. Unachotafuta ni kama neno la baba lenyewe linabadilika umbo lote kufuata mwenye, maana kwenye Kibantu hilo ni jambo la kale. Kizulu mpaka leo baba yangu ni *ubaba*, baba yako *uyihlo*, baba yake *uyise*, maneno matatu, hakuna "yangu" inayoonekana popote. Mama nae *umama*, *unyoko*, *unina*. Jembe litakaa vile vile na litaongezewa tu mwenye.

Umeona hiyo *unyoko*? Ndo shina lile lile la tusi letu, kwa asili lilikuwa na maana ya "mama yako" na hakuna ubaya wowote. Kwa hiyo jihadhari, bibi anaweza akakataa kukutamkia "mama yako" kwa lugha yake kwa sababu huko nako limegeuka la kugombana, akakupa neno lingine la heshima, nawe ukaandika kwamba umbo la zamani halipo. Mwombe akusimulie hadithi, mtu anamuuliza mtoto wa mwenzake mamake yuko wapi, utalisikia lenyewe.

Kwa upande wa viungo, usimpe sentensi ya Kiswahili atafsiri, atafuata umbo la Kiswahili bila kujua. Mwonyeshe kwa vitendo: kanyaga mguu wa mjukuu mwingine kidogo tu, alafu kanyaga kikapu chake, muulize huyu mtoto atakuja kushtaki vipi. Andika neno zima la kitenzi kama alivyolitamka, na uangalie kama kwenye kikapu kuna silabi imeongezeka kabla ya irabu ya mwisho. Rudia kwa kata na vunja kabla hujaamua.